Sianidi na vitenganishi vyote vinaua ATP: mbona kimoja kinazima oksijeni na kingine kinaiwasha?

#1 Kijana_wa_Chemba
Habari wakuu. Tunapima upumuaji wa mitokondria za moyo wa panya kwa elektrodi ya Clark, chemba ya mililita 2, nyuzi 37. Ndani kuna pairuveti, maleti na saksineti. Nimehesabu kwamba mwanzoni chemba ina nanomoli 400 za oksijeni. Kasi ya chemba nzima, kwa nanomoli za oksijeni kwa dakika, ilikuwa hivi:

Mitokondria na chakula tu: 10
Baada ya ADP: 60
Baada ya oligomaisini: 9
Baada ya FCCP: 65
Baada ya KCN (milimola 1): 1.5

Kila hatua niliiacha kama dakika mbili. Nina maswali mawili. La kwanza, FCCP, ambayo ni kitenganishi, na KCN, ambayo ni sianidi, vyote vinaiacha seli bila ATP, basi kwa nini kimoja kinapandisha matumizi ya oksijeni kuliko hata ADP, na kingine kinayalaza? La pili ndilo linaloninyima usingizi: ule mstari wa KCN haukukaa umelala. Baada ya dakika kumi kasi ilikuwa imerudi hadi 7. Sianidi inachoka?

#2 JikoLaMkaa
Mkuu hili jepesi. Sianidi inakaa kwenye himoglobini mahali pa oksijeni, kama moshi wa jiko la mkaa chumbani. Damu haibebi oksijeni, mtu anakosa hewa. Hiyo FCCP haigusi damu, ndiyo maana oksijeni inaendelea kutumika.

#3 Fundi_Saitokromu
@JikoLaMkaa soma swali tena ndugu yangu. Kwenye chemba yake hakuna damu hata tone. Ni mitokondria tupu, na bado KCN imezima kila kitu. Kwa hiyo hata kama himoglobini isingekuwepo duniani, sianidi ingefanya kazi yake.

Ulichoeleza ni kaboni monoksaidi. Hiyo kweli inashika chuma cha himoglobini. Sianidi inapenda zaidi chuma kilichopoteza elektroni moja zaidi, yaani Fe³⁺, na chuma cha namna hiyo inakikuta kwenye saitokromu a3, ndani ya kompleksi ya nne. Hapo ndipo elektroni zinapokabidhiwa oksijeni. Mlango huo ukizibwa, elektroni zinarundikana nyuma yake: saitokromu c imejaa, kompleksi ya tatu imejaa, NADH haina pa kushusha mzigo. Oksijeni ipo tele ila hakuna wa kuipa elektroni.

@Kijana_wa_Chemba swali lako la kwanza linajibika ukiacha kuangalia ATP na kuangalia presha ya protoni. Fikiria pampu ya baiskeli. Mpini ni elektroni, hewa ni protoni, tairi ni ile nafasi kati ya tando mbili. Bila ADP tairi limejaa, kwa hiyo mpini ni mgumu na unasukuma taratibu: ile 10 yako. Ukitia ADP, mtambo wa ATP unafungua njia, hewa inatoka kwa kazi, mpini unalainika: 60. Oligomaisini inaziba mtambo, mpini unakuwa mgumu tena: 9. FCCP inatoboa tairi. Inabeba protoni na kuzirudisha ndani bila kupitia mtambo, hivyo mpini haupati upinzani wowote na unasukuma kadiri mkono unavyoweza: 65. KCN imeukamata mpini wenyewe. Tairi litobolewe lisitobolewe, mpini hausogei.

Ndiyo maana mpangilio wa kuweka vitu una maana. Oligomaisini kisha FCCP, oksijeni inapanda. KCN kisha FCCP, huoni kitu.

#4 Pweza_wa_Tanga
Nakazia #3 ila naongeza jambo moja ambalo hilo tairi linalificha. Mtambo wa ATP unaweza kuzunguka kinyume. Presha ya protoni ikishuka sana, iwe kwa sianidi au kwa FCCP, mtambo unaanza kula ATP ili kusukuma protoni nje. Kwa hiyo ndani ya seli mitokondria zinageuka kutoka mzalishaji kuwa mlaji, zinakula ile ATP kidogo inayotoka kwenye glukosi. Kwenye sianidi ulaji huo unapunguza makali kwa sababu tairi linajaa tena kiasi. Kwenye FCCP tairi limetoboka, kwa hiyo mtambo unazunguka kinyume bila kikomo na ATP inateketea bure.

Kwa hiyo si kweli kwamba vyote viwili vinaikosesha seli ATP kwa njia moja. Kimoja kinafunga kiwanda, kingine kinafunga kiwanda halafu kinachoma ghala.

#5 Kijana_wa_Chemba
Asanteni sana. Ya pampu imeingia. Sasa ile KCN inayorudi?

#6 Bi_Titresheni
Kabla ya hapo, FCCP uliitia kwa mkupuo mmoja au kwa hatua? Kama ni mkupuo mmoja, hiyo 65 huenda si kilele. Inatakiwa utie kidogo kidogo, mikromola 0.1 hadi 0.5 kila mara, ukisubiri kasi itulie, hadi nyongeza isipandishe tena. Ukipitiliza, kasi inaanza kushuka, maana kitenganishi kingi kinazuia upumuaji wenyewe. Watu wengi wanaona kasi ndogo wanadhani mitokondria zimekufa, kumbe wamezizidishia.

Na kama bafa yako ina albumini, inaimeza FCCP, utahitaji nyingi zaidi. Usichukue kipimo kutoka bafa ya mtu mwingine.

Kitu kingine: FCCP na oligomaisini zinaganda kwenye plastiki na kwenye kizibo. Suuza chemba kwa ethanoli mara kadhaa, kisha maji mengi. Dalili ya kutosuuza ni kwamba sampuli inayofuata inaanza na kasi ya juu kabla hujaweka ADP, na ukiweka ADP haipandi sana. Mtu anaandika “mitokondria mbovu” kumbe ni masalia ya jana.

#7 JembeLaChuma
Mimi nadhani oksijeni iliisha. Mstari ulilala kwa sababu chemba ilikuwa tupu, si kwa sababu ya KCN.

#8 Bi_Titresheni
@JembeLaChuma hesabu haikubali. Dakika mbili mbili: 20 na 120 na 18 na 130, jumla 288 kati ya 400. Zimebaki kama 110. Tena kama oksijeni ingeisha, mstari usingeanza kushuka tena baadaye. Kisichokuwepo hakitumiki.

#9 Nyuzi_37
@Kijana_wa_Chemba uko wapi? Kama uko Dar hiyo 400 ni sawa kwa makadirio. Kama uko Nairobi umekosea.

#10 Kijana_wa_Chemba
Nairobi mkuu.

#11 Nyuzi_37
Nilihisi. Nairobi iko kama mita 1,700 na zaidi juu ya bahari, na hewa ina kanieneo ya takriban kilopaskali 83, si 101. Ukitoa mvuke wa maji wa nyuzi 37, ambao ni kama 6, unabaki na 77 mahali ambapo Dar wanabaki na 95. Kwa hiyo bafa yako iliyoshiba hewa ina oksijeni ya asilimia 81 hivi ya ile ya pwani. Chemba yako ilianza na kama nanomoli 325, si 400.

Usiogope, michoro yako haijaharibika. Elektrodi uliiambia “hewa ni 400”, kwa hiyo namba zote zimepanda kwa uwiano mmoja. Zizidishe zote kwa 0.81: FCCP inakuwa kama 53, ADP kama 49, na ile 10 inakuwa 8. Uwiano wa ADP kwa oligomaisini unabaki vilevile. Ila ukitaka kulinganisha na maabara ya pwani bila kusahihisha, utajisifia mitokondria zenye nguvu kuliko zilivyo.

#12 Fundi_Saitokromu
Safi sana @Nyuzi_37, hiyo wengi wanaisahau.

Sasa KCN inayorudi. Mtuhumiwa wangu wa kwanza ni pairuveti. Sianidi inajifunga kwenye pairuveti na kutengeneza kitu ambacho hakiziba kompleksi ya nne. Kama una pairuveti milimola 5 ndani na KCN milimola 1, pairuveti ni nyingi mara tano. Mwanzoni sianidi inafika kwenye saitokromu haraka na mstari unalala, halafu taratibu pairuveti inaivuta sianidi iliyo huru, na kwa kuwa mshiko wa sianidi kwenye saitokromu unaachia na kushika, kompleksi inafunguka polepole. Huo ndio mchoro uliouelezea.

Jaribu hivi: rudia bila pairuveti. Weka saksineti na rotenoni, ili elektroni zisirudi nyuma kwenye kompleksi ya kwanza. Kama mstari utalala na kubaki umelala, umempata mwizi.

#13 Muhogo_Mchungu
Mimi siafiki kwamba ni pairuveti peke yake. Sianidi ni kitu kinachopaa. KCN ikiingia kwenye bafa ya pH 7.4 karibu yote inakuwa HCN, kwa sababu pKa yake ni kama 9.2. HCN inachemka kwenye nyuzi 26 tu. Wewe uko nyuzi 37. Inatoka.

Wala hili si la maabara tu. Ndiyo sababu unga wa muhogo mchungu ukiloweshwa maji na kutandazwa kwa tabaka jembamba, lisilozidi sentimita moja, kwa saa mbili juani au saa tano kivulini, sianidi nyingi inaondoka. Kimeng'enya cha muhogo wenyewe kinaivunja linamarini, ile inayobeba sianidi ndani ya muhogo, HCN inatoka na kupaa. Unga uleule ukiurundika kwenye beseni haupotezi sumu, kwa sababu gesi haina pa kutokea. Kiwango ambacho FAO na WHO wanakikubali kwenye unga ni miligramu 10 kwa kilo.

#14 Bi_Titresheni
@Muhogo_Mchungu hoja yako ni nzuri kwa beseni lakini chemba ya Clark imezibwa. Kuna tundu jembamba la sindano tu. Kwa dakika kumi HCN haiwezi kutoka nusu yake kupitia hapo. Ningekuamini zaidi kama ungesema ilitoka kwenye chupa ya akiba kabla hata ya kuingia kwenye chemba. @Kijana_wa_Chemba hiyo KCN uliitengeneza lini?

#15 Kijana_wa_Chemba
Kama wiki tatu zilizopita. Iko kwenye friji, kwenye maji tu.

#16 Bi_Titresheni
Basi haina nguvu uliyoiandika. KCN kwenye maji inakuwa na alkali yenyewe, lakini kila ukifungua chupa kaboni dioksaidi ya hewa inaingia, alkali inapungua, na HCN inatoka. Tengeneza mpya siku ya kazi, ndani ya chemba ya moshi, na usiilete karibu na asidi yoyote, hata kwenye ndoo ya taka. Kama ni darasa la wanafunzi wengi, tumia antimaisini. Inaziba kompleksi ya tatu, haipai hewani, na mchoro unalala vilevile.

#17 Pweza_wa_Tanga
Antimaisini ina faida nyingine. Baada ya kuiweka, tia askobeti na TMPD. Hizo zinapeleka elektroni moja kwa moja kwenye saitokromu c, zinaruka ule mlango wa tatu, na oksijeni inaanza kutumika tena. Kisha tia sianidi, inazima. Hapo umeonyesha kwa macho kwamba mlango wa nne ulikuwa mzima muda wote na sianidi ndiyo iliyoufunga. Tahadhari moja: TMPD inaungua na oksijeni yenyewe hata bila mitokondria, kwa hiyo kuna kasi inayobaki baada ya sianidi ambayo lazima uipime na kuitoa.

#18 Kipimajoto
Kichwa cha uzi kimenileta hapa, ila naona mmezama kwenye chemba na joto hamjaligusa. Vitenganishi vinatoa joto kwa sababu ile nishati ambayo ingekuwa ATP inageuka joto. Sianidi haitoi joto. Basi, si ndivyo?

#19 Fundi_Saitokromu
@Kipimajoto umeshika nusu. Hiyo nusu nyingine ndiyo inayowapotosha hata wanaofundisha.

Jiulize: ATP ya mtu aliyelala inaenda wapi? Haiwekwi benki. Inavunjwa baada ya muda mfupi kuendesha pampu za chumvi, moyo, utengenezaji wa protini, na karibu yote inaishia kuwa joto. Kwa hiyo mtu mzima aliyepumzika, bila kitenganishi, tayari anageuza karibu nishati yote ya chakula kuwa joto. Kwa kila lita ya oksijeni anayotumia anatoa kama kilojuli 20. Ukimpa kitenganishi, lita moja ya oksijeni bado inatoa kama kilojuli 20 zilezile. Kinachobadilika ni idadi ya lita.

Tufanye hesabu. Mtu wa kilo 70 aliyelala anatumia kama mililita 250 za oksijeni kwa dakika. Mara kilojuli 20 kwa lita, ni kilojuli 5 kwa dakika, kama wati 83. Sasa kitenganishi kifanye matumizi yapande mara mbili: mililita 500, wati 167. Ziada ni kilojuli 5 kwa dakika, 300 kwa saa. Mwili wa kilo 70 unahitaji kama kilojuli 245 kupanda nyuzi moja. Kama hawezi kuitoa hiyo ziada, anapanda zaidi ya nyuzi moja kila saa. Kuanzia 37, baada ya saa nne yuko 41 na kitu.

Mwanzoni jasho na ngozi vinaitoa, ndiyo maana mtu analowa, anahema, moyo unakimbia, lakini kipimajoto bado kinasema 37.5. Watu wanadhani yuko salama. Pwani ya unyevunyevu mwezi wa pili, jasho halikauki, na hesabu inamkamata mapema.

#20 Kipimajoto
Nimekupata. Yaani joto linafuata oksijeni, si uvujaji wenyewe. Basi na sianidi mtu anapoa?

#21 Zamu_ya_Usiku
Kwa upande wa wodi, ndiyo, uzalishaji wa joto unashuka pamoja na oksijeni, ila usitegemee kuuona kwenye kipimajoto. Sianidi inakimbia kuliko kupoa kwa mwili, na degedege ikitokea misuli inaongeza joto kwa muda.

Unachokiona ni kingine. Oksijeni inafika kwenye tishu na kurudi bila kutumika, kwa hiyo damu ya vena inakuwa nyekundu karibu kama ya ateri. Kile kipimo cha kidoleni kinasoma vizuri kabisa, na mtu anakufa mbele yako. Glukosi inaishia kuwa laktiki asidi, na laktiki ya damu ikiwa juu ya 8 au 10 kwa mtu aliyetoka kwenye moto wa nyumba, sianidi lazima iwe akilini, kwa sababu povu la magodoro na plastiki vikiungua vinaitoa.

Na hapa ndipo himoglobini ya @JikoLaMkaa inarudi kwa mlango wa nyuma. Moja ya tiba za zamani ni naitraiti, inayogeuza sehemu ya himoglobini kuwa na Fe³⁺ ili sianidi ivutwe kutoka kwenye saitokromu. Kwa mtu wa moto hiyo ni hatari, maana tayari moshi umeshika himoglobini yake nyingine. Ndiyo maana haidroksokobalamini inapendwa: inaishika sianidi bila kugusa ubebaji wa oksijeni. Kwa mtu mzima ni gramu 5 kwenye mshipa, na mkojo unageuka mwekundu. Watu wakiona hivyo wanashtuka bure.

#22 JikoLaMkaa
Kumbe sikuwa mbali sana 😄 Asante daktari.

#23 Zamu_ya_Usiku
Ulikuwa nyumba ya jirani.

Upande wa vitenganishi kuna jambo nataka lisomwe na kila mtu. DNP inauzwa mtandaoni kama dawa ya kupunguza mwili. Historia yake inajulikana. Wafanyakazi wa viwanda vya silaha Ufaransa wakati wa vita vya kwanza vya dunia waliokuwa wakiishika walikonda, wakapata homa, wengine wakafa. Mwaka 1933 watafiti wa Stanford walitangaza kwamba inapunguza uzito, ikasambaa, watu wakapata mtoto wa jicho na wengine wakafa kwa joto, na kufikia 1938 ilikuwa imeondolewa kama dawa Marekani.

Inapunguza uzito kweli, kwa njia hii hii ya @Fundi_Saitokromu: unachoma lita nyingi zaidi za oksijeni. Lakini hakuna kizuizi. Mwili hauna kimeng'enya cha kuuambia uache, na hakuna dawa inayoivua DNP kwenye mitokondria.

Makosa ya wodini ni mawili. Kwanza, kumpa parasetamo. Homa ya malaria inatokana na ubongo kupandisha kiwango cha joto, na parasetamo inashusha kiwango hicho. Kwenye DNP ubongo haujapandisha kitu, tanuru ndilo limewashwa, parasetamo haina cha kugusa. Anahitaji barafu, maji na feni, mapema, kabla hajafika 40. Pili, na hili ni baya zaidi, kumpa aspirini. Aspirini kwa kiwango kikubwa nayo ni kitenganishi. Mtoto aliyemeza vidonge vingi vya aspirini anahema haraka na kuchemka kwa sababu hiyo hiyo.

#24 Pweza_wa_Tanga
Na ule ugumu wa misuli kabla ya kufa kwa DNP unaunganika na #4. ATP ikiteketezwa, misuli inashindwa kulegea.

#25 Zamu_ya_Usiku
Inawezekana. Wengine wanasema ni joto lenyewe linaloharibu misuli, na wengine ni kalsiamu iliyokosa pampu ya kuirudisha. Wodini huwezi kuvitenganisha.

#26 Mwanabotania
Mnaongea kana kwamba sianidi inazima kila kiumbe. Mimea mingi ina mlango wa pili. Kuna oksidesi mbadala inayopokea elektroni kabla ya kompleksi ya tatu na kuzipa oksijeni moja kwa moja, na sianidi haiigusi. Ukikata vipande vya kiazi ulaya ukaviacha siku moja, sehemu kubwa ya upumuaji wao haizimwi na sianidi.

Na elektroni zikipita huko hakuna protoni inayosukumwa, kwa hiyo nishati yake inatoka kama joto. Maua ya jamii ya magimbi yanatumia hilo kujipasha moto ili kurusha harufu na kuwaita wadudu. Mwaka 1987 ilionyeshwa kwamba ishara inayowasha joto hilo ni salisiliki asidi, ndugu wa karibu wa hiyo aspirini ya #23.

#27 Kipimajoto
Hapo umenivunja. Kwa hiyo ua la gimbi linatoa joto bila kutoboa tairi?

#28 Mwanabotania
Ndiyo. Linasukuma mpini wa pampu nyingine isiyounganishwa na tairi. Mtoto mchanga ndiye anayetoboa tairi, kwa makusudi, kwa protini ya UCP1 iliyo kwenye mafuta ya kahawia mgongoni na shingoni. Hayo yanatoboka pale tu ubaridi unapoamsha neva zake, na kufunga tena.

#29 Mama_Kisamvu
Samahani wakuu, mimi si wa maabara. Nimeona mihogo imetajwa. Kwetu watoto waliwahi kukakamaa miguu wakati wa ukame. Ni hii hii sianidi ya kuzima pumzi?

#30 Muhogo_Mchungu
Pole mama. Unaielezea konzo. Jina limetoka kwa Wayaka wa Kwango, Kongo, na daktari Trolli aliiandika mwaka 1938. Nampula, Msumbiji, iliwapata watu zaidi ya elfu moja mwaka 1981 wakati wa ukame, na Tarime ilitokea 1985. Inakuja pale watu wanapokula muhogo mchungu usioloweka vya kutosha, wiki nyingi mfululizo, bila samaki, nyama wala maharage.

Lakini kama ni kuzima pumzi peke yake, hatujui. Mwili unaitoa sianidi kwa kuibandika salfa, na salfa inatoka kwenye protini ya chakula. Maelezo ya kwanza ni kwamba salfa ikiisha, sianidi inabaki na kuminya neva ndefu zinazohitaji ATP nyingi. Wengine wanasema ni thiosayaneti, yaani sianidi iliyokwisha bandikwa salfa, inayozichokoza seli za neva. Wengine wanashuku sayaneti, inayotengenezwa zaidi salfa ikikosekana. Na kuna swali kwa kambi ya pumzi: kwa nini inashika njia za miguu ghafla, mara nyingi ndani ya siku moja, halafu haiendelei?

#31 Fundi_Saitokromu
Hilo la mwisho ni zito. Sianidi ya kuzima kompleksi ya nne ingetegemewa kugusa kwanza moyo na ubongo wa ndani, si neva za miguu tu. Ila sumu kidogo ya muda mrefu si sumu kubwa ya dakika tano, kwa hiyo sifungi mlango.

#32 Mama_Kisamvu
Nashukuru. Na kisamvu je?

#33 Muhogo_Mchungu
Kitwange kwanza, hadi kilainike kabisa. Kutwanga ndiko kunakoikutanisha linamarini na kimeng'enya chake. Kisha kichemshe bila kufunika, kwa muda. Ukichemsha majani mazima bila kutwanga, moto unaua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi, na linamarini inabaki ndani ya jani.

#34 Kijana_wa_Chemba
Nimerudi wakuu. Nimerudia kwa saksineti na rotenoni, bila pairuveti, KCN mpya ya leo asubuhi. Nimesahihisha oksijeni kwa Nairobi. KCN imelaza mstari hadi 1.2. Baada ya dakika kumi ni 3. Zamani ingekuwa kama 5.7 kwa hesabu mpya. Kwa hiyo imepungua sana ila haijakaa palepale.

#35 Fundi_Saitokromu
Pairuveti imekubali kosa lake.

#36 Bi_Titresheni
Au chupa mpya imekubali. Umebadilisha vitu viwili kwa wakati mmoja, hatuwezi kujua nani alihusika kwa kiasi gani. Rudia mara mbili: KCN mpya na pairuveti, kisha KCN ya zamani bila pairuveti.

Na hiyo 1.2 kwenda 3, umepima tupu? Elektrodi yenyewe inakula oksijeni kidogo. Weka bafa bila mitokondria, funga, rekodi dakika 20. Kisha tia dithionaiti, inayomaliza oksijeni yote, uone sifuri yako iko wapi. Kama tupu inakula 1 na inazidi kadiri utando wa elektrodi unavyochoka, sehemu ya hiyo 3 si mitokondria kabisa.

#37 Muhogo_Mchungu
Na angalia kizibo chako ni cha nini. Kama ni mpira, HCN inaweza kuingia ndani yake. Mimi bado nasema inapaa.

#38 Kijana_wa_Chemba
Kizibo ni plastiki ngumu, ila pete inayokizunguka ni ya mpira. Nitapima tupu Jumatatu kwanza, kisha hizo mbili za @Bi_Titresheni. Nikipata nitaweka namba hapa.

#39 Nyuzi_37
Andika na kanieneo ya siku hiyo, usitumie 83 kwa mazoea. Na koroga bafa yako ikiwa wazi hadi usomaji utulie kabla hujafunga. Bafa iliyotoka friji inashika oksijeni zaidi ya ile iliyokwisha kupata joto, na ukiifunga mapema hesabu yako ya mwanzo inakuwa si ya kweli.